Ujumbe wa Jumatatu Usiosomwa

Kila Jumatatu vituo vya afya nchini Kenya hujaza fomu ya MOH 505 na kutoa hesabu ya wagonjwa wa kipindupindu, surua, malaria na maradhi mengine yanayofuatiliwa. Wiki inayohesabiwa huanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Hata kituo ambacho hakikupata mgonjwa hutakiwa kuandika sifuri, maana kisipotuma chochote, hakuna ajuaye kama kuna amani au muuguzi hakupata nafasi.

Anayezikusanya ripoti hizo ni mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo, na silaha yake kubwa ni kundi la WhatsApp. Wengi huandika hivi: "Habari za asubuhi wenzangu. Mnakumbushwa kutuma ripoti za wiki kwa wakati." Wiki inayofuata wanaunakili uleule. Simu ikilia, kiooni huonekana maneno ya mwanzo tu, na hayo muuguzi anayajua kwa moyo. Hana haja ya kuufungua.

Siku, saa na mahali pa kutuma visibadilike kamwe, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyojenga mazoea. Kinachobadilika ni mstari wa kwanza, nao uchukuliwe kwenye ripoti za wiki iliyopita. Tuseme mvua za masika zimeanza, na zahanati mbili zilizo kando ya mto zimeripoti kuhara damu. Mratibu aandike: "Kuhara damu: wagonjwa 7 wiki ya 14, wote kando ya mto. Je, wiki ya 15 kwenu imefika? MOH 505 kabla ya saa sita mchana leo." Muuguzi ataufungua kwa kuwa una habari inayomhusu, tena ataona kwamba nambari alizotuma zilisomwa na mtu. Nadhani hilo la pili ndilo lenye nguvu zaidi.

Wapo wanaobandika kundini orodha ya waliochelewa. Orodha hiyo huleta ripoti haraka, lakini pia huleta sifuri za uongo. Utazitambua: fomu imeingia dakika chache kabla ya saa sita, safu zote ni sifuri, na hali rejista ya wagonjwa wa nje ina majina ya watoto waliopimwa wakakutwa na malaria. Ripoti ya namna hiyo ni mbaya kuliko iliyochelewa, kwani huonyesha kwamba kote ni shwari. Afadhali kundini washukuriwe waliotuma, na aliyechelewa aandikiwe peke yake.

Kituo kikichelewa wiki tatu mfululizo, acha kutunga ujumbe. Mpigie simu muuguzi umuulize kinachomkwamisha. Mara nyingi yuko peke yake zamu nzima, au hana bando.