Mara Tatu ya Nini?

Jumamosi alasiri, wanachama wa kikoba wamekaa kwenye mikeka, na katikati yao kuna sanduku lenye makufuli matatu. Pembeni ameketi kijana wa mwaka wa mwisho wa chuo, mwanafunzi wa kompyuta, daftari mkononi. Mradi wake wa kumalizia masomo ni mfumo wa kuweka kumbukumbu za kikundi hiki. Anamuuliza katibu, "Mama, mwanachama anaruhusiwa kukopa kiasi gani?" Katibu anajibu bila kuinua macho kwenye vitabu vya hisa: "Mara tatu, mwanangu."

Kijana anaandika: *Mfumo utamruhusu mwanachama kukopa mara tatu.* Anarudi chuoni, anampa mwenzake anayesaidiana naye kuandika programu. Wiki mbili baadaye mwenzake analeta kazi iliyokamilika: mfumo unahesabu mikopo, na mwanachama akishachukua mitatu kwa mwaka, wa nne unakataliwa. Hakukosea. Alifanya kilichoandikwa.

Kijana huyu ni wa mfano, lakini mtego alioingia ni wa kweli, na ndio sababu vyuo humtaka mwanafunzi aandike hati ya mahitaji ya mfumo kabla ya kugusa programu. Hati hiyo haielezi jinsi mfumo utakavyojengwa. Inaeleza utafanya nini, kwa ajili ya nani, na kwa masharti gani, kwa maneno ambayo watu wawili wasiojuana wakiyasoma watajenga kitu kilekile.

Umbo la hati

Vyuo vingi hufuata mpangilio uliotokana na mwongozo wa IEEE 830 wa mwaka 1998. Mwongozo huo ulikwisha kurithiwa na ISO/IEC/IEEE 29148, uliotoka 2011 na kupitiwa upya 2018, ila umbo lake la sehemu tatu bado linaonekana kwenye miradi ya wanafunzi. Sehemu ya kwanza ni utangulizi: hati ni ya nini, mfumo unaishia wapi, maneno yake yana maana gani. Ya pili ni maelezo ya jumla: watumiaji ni nani, wanafanya kazi katika mazingira gani, nini kinawabana. Ya tatu ndiyo moyo wa hati: mahitaji yenyewe, moja moja, kila moja na namba yake.

Wanafunzi wengi hutumia nguvu zao kwenye sehemu mbili za mwanzo kwa sababu zinaandikika kama insha. Ya tatu huijaza sentensi za kuokota: mtumiaji ataingia kwa nenosiri, msimamizi ataongeza watumiaji, mfumo utasimamia wanachama, mfumo utatoa ripoti. Ukifuta neno "wanachama" ukaweka "wagonjwa" au "vitabu", hati hiyohiyo inafaa hospitali na maktaba. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba mwandishi hajakaa na wenye kazi.

Kufukua kanuni moja

Turudi kwenye mara tatu. Kijana anarudi kikobani Jumamosi inayofuata, safari hii na mfano wenye tarakimu. Hilo ni jambo dogo lenye faida kubwa: ukimuuliza mtu kanuni, atakupa methali, ukimpa hesabu, atakusahihisha.

"Mama, hisa moja ni shilingi 2,000. Mama huyu ana hisa 60. Kwa hiyo akiba yake ni 120,000, na anaweza kukopa hadi 360,000?"

"Ndiyo."

"Leo amenunua hisa tano nyingine. Sasa ni 65. Anaweza kukopa 390,000?"

Hapo katibu anaweka kalamu chini. La, hisa za leo hazihesabiwi leo. Zamani zilihesabiwa, watu wakaanza kuazima fedha kwa jirani asubuhi, wanajaza hisa, wanakopa mara tatu yake jioni, kisha wanamrudishia jirani. Tangu hapo zinahesabiwa hisa zilizofungwa kikao kilichopita.

Kanuni hii haimo kwenye katiba ya kikundi. Imo kichwani mwa katibu, na asingeisema kama asingeulizwa kuhusu hisa za leo. Kijana anaendelea: je, mwenye mkopo ambao hajaumaliza? Hakopi mwingine, hata akibakiza elfu tano. Na kama fedha zilizomo sandukuni hazifiki kiasi anachoomba? Anapewa zilizopo, au anasubiri kikao kijacho, achague mwenyewe. Fedha za mfuko wa jamii, zile za misiba na magonjwa, zinahesabika kwenye mara tatu? Hapana kabisa, zile si za mtu.

Sentensi ya maneno sita imezaa mahitaji kadhaa, na kila moja linasimama peke yake:

- M-07. Katibu anapoingiza ombi la mkopo, mfumo utakataa kiasi kinachozidi mara tatu ya thamani ya hisa alizokuwa nazo mwanachama mwishoni mwa kikao kilichotangulia, na utaonyesha kiwango cha juu anachoruhusiwa.
- M-08. Mfumo utakataa ombi la mwanachama ambaye salio la mkopo wake ni zaidi ya sifuri.
- M-09. Ombi likizidi fedha za mikopo zilizomo sandukuni, mfumo utaonyesha kiasi kilichopo na utampa katibu nafasi ya kupunguza ombi au kuliahirisha.
- M-10. Mfumo hautajumlisha michango ya mfuko wa jamii katika hesabu ya M-07.

Kwa nini yasiunganishwe yote katika aya moja nzuri? Kwa sababu siku ya majaribio sharti moja linaweza kufaulu na jingine likafeli. Yakiwa pamoja, hutaweza kusema lipi limekamilika. Na mwaka ujao kikundi kikibadilisha sharti moja, utajua namba ya kubadilisha bila kugusa mengine.

Jaribio kabla ya programu

Njia ya kupima kama hitaji limeandikwa vizuri ni kuandika jaribio lake papo hapo, kabla mfumo haujakuwepo. Kwa M-07, mwanachama ana hisa 60 za kikao kilichopita na tano za leo, hana deni, na sandukuni mna fedha za kutosha. Anaomba 360,000: ombi lipite. Anaomba 361,000: likataliwe, na kiooni isomeke 360,000. Jaribio la pili lina kazi mbili. Linapima ukomo, na linagundua kama mwandishi wa programu amehesabu hisa za leo kimakosa, maana angezihesabu, ukomo ungekuwa 390,000 na ombi lingepita.

Angalia pia neno "kinachozidi". Angeandika "kiasi kiwe chini ya mara tatu", basi 360,000 yenyewe ingekataliwa, na katibu angeuona mfumo una wivu.

Hitaji lisiloandikikia jaribio bado si hitaji, ni matamanio. "Mfumo utakuwa rahisi kutumia" ni la aina hiyo. Utalipimaje? Kijana anarudi tena kikobani, anatazama saa. Katibu anaandika hisa za wanachama 30 kwenye daftari kwa dakika 15. Sasa ana kipimo: *Katibu asiyewahi kutumia mfumo, baada ya maelekezo ya dakika 20, ataweza kuingiza hisa za wanachama 30 kwa muda usiozidi dakika 15.* Namba hiyo haikutoka hewani. Mfumo ukiwa mzito kuliko daftari, katibu atarudi kwenye daftari.

Akiwa palepale aligundua jambo jingine: mtandao hukatika, na kikao hakisubiri. Likaingia hitaji kwamba kumbukumbu za kikao kizima ziweze kuingizwa simu ikiwa haina mtandao, na zikitumwa baadaye asipotee mwanachama hata mmoja wala asiandikwe mara mbili. Jaribio lake halihitaji maabara: zima data, ingiza watu 30, zima simu, iwashe, rudisha data, kisha hesabu.

Kitenzi kinachoficha

Katika rasimu, neno la kutilia shaka kuliko yote ni "kusimamia". "Mfumo utasimamia wanachama" inaonekana imemaliza kazi, kumbe imeificha. Mwanachama husajiliwa, hilo ni wazi. Lakini pia huhama mji, husimamishwa kwa utoro, na hufariki. Akifariki katikati ya mzunguko akiwa na hisa 40 na deni la 50,000, hisa zinakwenda kwa nani, na deni linakatwa humo au linabebwa na wadhamini? Kijana hana haki ya kubuni jibu. Kazi yake ni kulipeleka swali kikaoni, na kama kikundi chenyewe hakijaamua, kuandika kwenye hati kwamba jambo hilo liko wazi, nani ataliamua na lini.

Upande wa pili kuna kosa la kusema mno. "Mfumo utatumia MySQL" si hitaji la katibu, ni uamuzi wa mjenzi, na mahali pake ni hati ya usanifu. Isipokuwa kama mwenye mfumo ndiye aliyeidai teknolojia hiyo, hapo inakuwa sharti na inaandikwa hivyo.

Na kuna yale ya kukataa waziwazi. Hati ya kijana inasema mfumo hautapokea wala kutuma fedha, utaandika tu kilichotokea mbele ya sanduku. Bila sentensi hiyo, kila atakayeusoma atauliza habari za malipo ya simu, jambo linaloleta makubaliano na kampuni za simu na masharti ya Benki Kuu ambayo mwanafunzi hawezi kuyamaliza kwa muhula mmoja. Lakini majina, namba za simu na madeni ya watu yatakuwemo, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaingia kama sharti, nayo inageuka mahitaji ya kupimika: nani anaona deni la nani, na mwanachama anayeingia kwa simu yake anaona lake tu.

Namba inayofuatwa

Hati ikikubaliwa, zile namba zinaanza kazi. Kila hitaji huwekwa kwenye jedwali pamoja na chanzo chake, sehemu ya programu inayolitimiza, na jaribio lake. Mbele ya M-07 pameandikwa: mahojiano na katibu, kikao cha pili. Hitaji lisilo na chanzo mara nyingi limeokotwa kwenye mradi wa mtu mwingine. Lisilo na jaribio halijamalizwa. Na kipande cha programu kisicho na namba ni kitu ambacho hakuna aliyekiomba.

Jedwali hilo ndilo linalowaumbua wanaojenga mfumo kwanza na kuandika hati usiku wa kuamkia utetezi. Hati yao hufanana na mfumo kupita kiasi: haina swali lililoachwa wazi, haina toleo la pili, haina hitaji lililobadilishwa wala tarehe ya mabadiliko. Mtahini akiuliza kwa nini hisa za leo hazihesabiwi, kimya.

Kijana wetu kabla ya kukabidhi alirudi kikobani mara ya mwisho, akamsomea katibu hati kwa sauti, hitaji moja baada ya jingine. Alipofika M-08, katibu alimkatiza. "Salio la mkopo, umesema. Na faini za kuchelewa rejesho je? Mtu akimaliza mkopo, faini haijalipwa, hakopi."

Akaongeza maneno mawili kwenye M-08, akaandika tarehe na toleo jipya, kisha akafungua ukurasa wa majaribio kuongeza mwanachama mwenye deni sifuri na faini ya shilingi 1,000.