Dundu wa Samadi na Mbegu Asizozikusudia

Dundu wa samadi hakusudii kupanda mti. Anapochimba handaki chini ya kinyesi cha ng'ombe au ndovu, nia yake ni kuwawekea wanawe chakula ardhini. Hata hivyo, kazi hiyo huzaa matokeo mawili. Kwanza, naitrojeni ambayo ingepotea hewani ikiwa gesi ya amonia huingia udongoni na kuifikia mizizi. Pili, mbegu zilizomo kinyesini huzikwa, zikaepuka panya.

Tokeo hili la pili lina mipaka, nayo yaweza kudhihirishwa darasani. Twaa ndoo mbili zenye udongo mbichi. Juu ya kila mmoja weka nusu kilo ya kinyesi kibichi cha ng'ombe kilichochanganywa na shanga 10 za milimita 3 na nyingine 10 za milimita 10, badala ya mbegu. Tia madundu 10 wachimbaji katika ndoo moja tu, kisha funika zote kwa chandarua. Baada ya siku 3, fukua polepole ukipima kina cha kila shanga.

Ndoo isiyo na madundu ni ya kulinganishia. Katika ile nyingine, shanga ndogo ndizo huzikwa zaidi. Kubwa aghalabu huachwa juu. Ikiwa madundu wamezubaa au kufa, uliza kama ng'ombe alipewa dawa ya minyoo ya aivamektini, kwani hutoka na kinyesi na kuwadhuru.

Hata hivyo, kuzikwa si kuota. Mbegu ndogo ina akiba haba; ikizikwa sentimita 20, chipukizi huenda lisifike juu. Kwa hiyo, zisihesabiwe tu shanga zilizozikwa, bali zile zilizo karibu na uso wa udongo.