Ada, nyumba na uzee: kila fedha na tarehe yake

Tuchukue mfano wa mume na mke wanaoishi Morogoro. Mtoto wao anaanza sekondari Januari, miezi tisa kutoka sasa. Baada ya miaka mitano wanataka wawe na kianzio cha mkopo wa nyumba. Mke ana miaka 36 na atastaafu akiwa na 60. Wameshauriwa watie akiba yote kwenye hatifungani ya serikali ya miaka 20, kwa kuwa riba yake inavutia na serikali ni mlipaji wa kuaminika.

Serikali italipa, ndiyo, lakini itarudisha mtaji siku hatifungani inapoiva. Ukizihitaji fedha mapema, inabidi umuuzie mwekezaji mwingine kupitia dalali wa soko la hisa, kwa bei ya siku hiyo. Tuseme hatifungani yako ya shilingi milioni moja inalipa asilimia 10 kwa mwaka na imebakiza miaka 18, na wakati huo mpya zinalipa 13. Mnunuzi hatakupa milioni nzima. Atatoa kama 790,000. Ingekuwa imebakiza miaka miwili tu, ungepata kama 950,000. Kadiri muda uliobaki unavyokuwa mrefu, ndivyo bei inavyoyumba.

Kwa hiyo ada ya Januari isikaribie hatifungani ya miaka 20. Kama ni shilingi 1,800,000, watenge 200,000 kila mwezi kwenye mfuko wa ukwasi, ambako faida ni ya wastani lakini vipande huuzwa na fedha kupatikana ndani ya siku chache.

Kianzio cha nyumba kinafaa hatifungani ya miaka mitano. Njia nyingine, ambayo wengi hawaifahamu, ni kununua sokoni hatifungani ya zamani ya miaka 10 au 15 iliyobakiza mitano. Wakiishikilia hadi iive, kupanda na kushuka kwa bei njiani hakuwahusu. Riba inayoingia kila miezi sita wairudishe kwenye lengo hilohilo. Ikiliwa, kianzio hakitatimia.

Pensheni ya mke iko mbali, na hofu yake kubwa ni mfumuko wa bei. Bei zikipanda asilimia 6 kila mwaka, kinachouzwa leo 1,000 kitakuwa kama 4,000 baada ya miaka 24. Hapa ndipo hisa na mifuko inayonunua hisa inapofaa, kuongezea michango ya hifadhi ya jamii. Hisa zinaweza kuporomoka mwaka huu na mwaka ujao pia, lakini yeye ana muda wa kusubiri. Hatakuwa nao akifika 58. Kuanzia miaka 50 hivi, aanze kuhamishia sehemu ya fedha hizo kila mwaka kwenye hatifungani fupi, akianza na zile atakazozihitaji miaka ya mwanzo ya kustaafu.