Wati 77 ambazo mota haikuzila

Chukua mota ya mashine ya kusaga inayokwenda bila mzigo wa kutosha. Umeme ni volti 230, mkondo ni ampea 10, na pawa fakta imeshuka hadi 0.5, maana yake wimbi la mkondo linachelewa nyuma ya wimbi la volti kwa digrii 60. Ukizidisha, mota inakula wati 1,150. Mita iliyofungwa ukutani inaandika 1,227. Ondoa mota, chomeka birika la umeme la wati 2,000, na mita ile ile inakosea kwa chini ya wati 2.

Mita haijaharibika wala waya haujalegea. Kosa limo ndani ya programu, kwenye mstari mmoja wa hesabu.

Mfano huu ni wa kukokotoa kwenye karatasi, lakini kifaa kinachouzaa ni cha kweli. Baadhi ya mita hupima mkondo kwa koili ya Rogowski, yenye jina la Mjerumani Walter Rogowski, aliyeieleza pamoja na mwenzake Steinhaus mwaka 1912. Ni waya uliosokotwa kuzunguka kiini kisicho na chuma, kisha ukaviringishwa kwenye kebo kama bangili. Kwa kuwa haina chuma, mkondo mkubwa hauilemei. Tatizo ni kwamba haitoi mkondo wenyewe. Inatoa kasi ambayo mkondo unabadilika. Kuupata mkondo ni lazima mabadiliko hayo yajumlishwe hatua kwa hatua, kama mtu anayejua mwendo wa basi kila dakika na anataka kujua limefika kilomita ya ngapi.

Kazi hiyo hufanywa na kijumlishi cha kidijitali. Tuseme mita inachukua sampuli 4,000 kwa sekunde, yaani moja kila mikrosekunde 250. Umeme wetu wa hezi 50 unapata sampuli 80 kwa kila mzunguko, hivyo kila sampuli ina upana wa digrii 4.5. Mwandishi wa programu ana njia mbili nyepesi:

```
y = y + T*x
y = y + (T/2)*(x + x_awali)
```

Mstari wa kwanza ni kanuni ya tofauti ya nyuma. Unaichukua sampuli iliyofika sasa hivi, unaichora kama mstatili wenye upana wa hatua moja, na kuuongeza kwenye jumla. Mstari wa pili ni kanuni ya trapeza: unaunganisha sampuli iliyopita na ya sasa kwa mstari ulionyooka, kisha unahesabu eneo lililo chini yake.

Kwa macho, tofauti ni ndogo mno. Lakini fikiria mstatili wa mwisho. Sampuli ya sasa imepewa hatua nzima, na mahali inapostahili kukaa ni katikati ya mstatili wake. Basi nusu ya mstatili huo inaangukia upande wa mbele, kwenye muda ambao haujafika. Jumla inakuwa imewahi kwa nusu hatua: mikrosekunde 125, au digrii 2.25 kwenye hezi 50. Trapeza haiwahi wala haichelewi. Inazitendea sampuli zote mbili sawasawa, kwa hiyo pembe yake ni sahihi kabisa kwenye kila masafa, si hezi 50 peke yake.

Sasa wati 77 zinaonekana zilikotoka. Mkondo unaochelewa digrii 60 unasomwa kama unachelewa 57.75. Kosaini ya 60 ni 0.5, ya 57.75 ni 0.5336, na hiyo ni ziada ya asilimia 6.7. Mota ikikimbia saa 100, mwenye mashine analipia uniti 122.7 badala ya 115. Kwa birika, mkondo na volti vinakwenda pamoja. Kosaini ya digrii 2.25 ni 0.9992, na kosa linajificha.

Mtu angedhani basi trapeza imeshinda kila mahali. Haikushinda. Tukiacha pembe na kupima ukubwa wa wimbi, mstatili ndio unaokaribia ukweli. Kwenye hezi 50 unazidisha kwa takriban asilimia 0.03, huku trapeza ikipunguza kwa 0.05, kwa sababu mstari ulionyooka hukata nundu ya wimbi. Panda hadi hezi 1,000 na pengo linakuwa wazi: mstatili unazidisha kwa asilimia 11, trapeza inapunguza kwa zaidi ya 21. Kwenye hezi 2,000, nusu ya kasi ya sampuli, trapeza inatoa sifuri tupu.

Kwa kuwa mmoja anazidisha na mwingine anapunguza, Mohamad Adnan Al-Alaoui wa Beirut alipendekeza mwaka 1993 kuzichanganya: robo tatu ya mstatili, robo ya trapeza. Kwenye hezi 1,000 kosa la ukubwa linashuka chini ya asilimia 2. Ila pembe bado inawahi, kwa hiyo kwa mita yetu mchanganyiko huo peke yake hausaidii. Dawa rahisi zaidi kwa anayeupenda mstatili ni kuuchelewesha mkondo kwa zile mikrosekunde 125 kabla ya kuuzidisha na volti.

Kuna jambo moja zote mbili haziliepuki. Sakiti ya kupimia ikiwa na kaupotofu kadogo kasikobadilika, kijumlishi hukaongeza bila kuchoka mpaka namba zinafurika. Wahandisi huweka mvujo: kila hatua jumla ya zamani huzidishwa kwa 0.999 kwanza. Mafuriko yanaisha, lakini mvujo huo unarudisha kosa la pembe la digrii 0.73, na mota yetu inaandikiwa asilimia 2.2 za ziada hata kwa trapeza. Kwa 0.9999 kosa linakuwa sehemu ya kumi ya hapo, ila mita inachukua sekunde kadhaa kutulia.

Kazi ikigeuzwa, mambo nayo yanageuka. Tuseme unajua mahali kitu kilipo na unatafuta kasi yake. Tofauti ya nyuma inatoa sampuli iliyopita kutoka ya sasa na kugawanya kwa T. Safari hii inachelewa nusu hatua, na kwenye masafa ya juu inapunguza, jambo ambalo si baya kwa kuwa huko ndiko kelele hukaa. Trapeza iliyopinduliwa inabaki na pembe sahihi, lakini pale ilipotoa sifuri sasa inatoa ukubwa usio na kikomo. Ipe kitu kilichosimama kwenye 0, kikaruka hadi 1, kikatulia, na T iwe 1. Tofauti ya nyuma inajibu 1, 0, 0, 0. Trapeza inajibu 2, −2, 2, −2, na haitaacha.

Ndiyo maana trapeza ni ya kujumlishia, na kwa kutafutia kasi ni heri tofauti ya nyuma na ucheleweshaji wake. Na fundi anayetaka kuhakiki mita yenye koili ya Rogowski asiipime kwa birika wala pasi. Atafute mzigo wenye pawa fakta ya 0.5.