Mkimbiaji si mkimbizi: jinsi kitenzi kinavyozaa majina

Anayeshindana katika marathoni ni mkimbiaji. Aliyevuka mpaka kwa kuhofia vita ni mkimbizi. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayewachanganya watu hawa wawili, ingawa majina yao yote yametokana na kitenzi kimoja, kimbia. Yanatofautiana mwishoni tu, na miisho hiyo ina kanuni zake.

Tuanze na jina la mtenda. Kitenzi hupewa m- mwanzoni, kisha -aji au -i mwishoni. Pale ambapo kitenzi kimoja kina majina yote mawili, kwa kawaida -aji hukaa karibu na tendo lenyewe: msomaji ni yeyote anayesoma, hata kama ni gazeti la jana. Mwisho -i humtaja mtu ambaye tendo limekuwa hadhi au hali yake. Msomi hubaki msomi hata akiwa usingizini, na aliyekaa kambini miaka 10 bila kukimbia popote bado ni mkimbizi. Penye jina moja tu, kama mchezaji, jina hilo hubeba maana zote.

Mwisho -aji hauisumbui konsonanti iliyotangulia, lakini -i mara nyingi huibadili. Pika hutoa mpishi, fuata hutoa mfuasi, linda hutoa mlinzi, jenga hutoa mjenzi. Hapo sikio la mzawa halina shida. Ugumu huja kwenye vitenzi kama nunua, teua, zaa na okoa, ambavyo havina konsonanti ya kubadilika kabla ya irabu ya mwisho. Mbona basi tunasema mnunuzi, mteuzi, mzazi na mwokozi? Hiyo z imetoka wapi?

Imetoka kwenye l iliyopotea. Zamani vitenzi hivi vilikuwa na l mwishoni mwa mzizi, na Kiswahili kikaiangusha ilipokuwa kati ya irabu mbili. Haikutoweka kabisa. Viweke vitenzi hivyo katika kauli ya kutendwa, nayo itasikika: nunuliwa, teuliwa, zaliwa, okolewa. L hiyo ikikutana na -i ya mtenda hugeuka z. Kwa hiyo, ukiwa na shaka, tamka kwanza kauli ya kutendwa. Ukiisikia l, itarajie z.

Jina la dhana hupatikana kwa urahisi zaidi, kwa kuweka u- mahali pa m-. Usomaji ni tendo la kusoma, usomi ni hali ya kuwa msomi. Ukimbiaji ni wa uwanjani, ukimbizi ni wa kambini. Hata hivyo, mazoea ya wasemaji yana nguvu kuliko kanuni. Kutokana na okoa, kazi ya kuwatoa watu kwenye kifusi au kwenye mafuriko huitwa uokoaji, lakini tendo la Mwokozi katika imani huitwa wokovu, kwa mwisho -vu. Anayetegemea kanuni peke yake hawezi kulibashiri jina hilo. Hulijua kwa kulisikia.

Majina ya mahali ndiyo yanayohitaji uangalifu zaidi. Mengi huishia na -o na huanza na ki- au ma-: vuka hutoa kivuko, tua hutoa kituo, chimba hutoa machimbo. Wakati mwingine kitenzi hupitia kwanza kauli ya kutendea, kwa sababu kauli hiyo inaweza kubeba wazo la mahali. Mahali pa kuchinjia ni machinjio, na mahali mtu anapokimbilia ni kimbilio lake. Lakini -o hiyohiyo hutengeneza pia majina ya vifaa, kama kifuniko na kizibo, na matokeo ya tendo, kama andiko. Umbo peke yake halikuambii kwamba umepata mahali. Kitenzi kaa kinalionyesha jambo hili vizuri: makao ni mahali, ilhali kikao leo ni mkutano wenyewe, popote unapofanyika. Na mapishi si mahali pa kupikia. Mahali hapo pana jina lake, jiko.

Njia hizi bado zinafanya kazi. Televisheni za kidijitali zilipoingia majumbani, kilihitajika jina la kile kiboksi kinachofumbua mawimbi na kuyafanya picha. Kitenzi kilikuwa simbua, yaani kufumbua kilichofichwa katika alama. Kauli yake ya kutendwa ni simbuliwa, nayo l imo, hivyo z ilitarajiwa. Kwa kuwa anayetajwa ni kifaa wala si mtu, m- ilipisha ki-, tukapata kisimbuzi. Leo mafundi, wauzaji na watazamaji hulitumia jina hilo bila kuulizana maana yake.