Pini Inayoelea Husoma Nini?

Mwanafunzi ameunga kitufe kwenye pini namba 2 ya Arduino Uno. Mguu mmoja wa kitufe uko kwenye volti 5, mwingine kwenye pini. Programu inasoma pini na kuandika 1 au 0 kwenye skrini. Akibonyeza, inatoka 1 bila kusita. Akiachia, zinatoka 0, 1, 1, 0, 0, 1, na akisogeza mkono karibu na waya, tarakimu zinabadilika tena. Hapo wengi hubadilisha kitufe, kisha waya, kisha ubao wenyewe, na vyote ni vizima.

Tatizo ni kudhani kwamba kuachia kitufe ni kuipa pini volti 0. Kitufe kilichoachiwa hakiipi pini chochote, kinakata njia tu. Pini inabaki na kipande cha waya ambacho hakijafungwa kwenye volti 5 wala kwenye graundi. Pini ya namna hiyo husemwa kuwa inaelea.

Ndani ya chipu ya ATmega328P, iliyo kwenye ubao huo, pini ya kusomea huishia kwenye transista iliyotengwa kwa tabaka jembamba sana lisilopitisha umeme. Mtengenezaji anaeleza kuwa mkondo unaovuja pale hauzidi sehemu moja ya milioni ya ampea. Ndivyo inavyotakiwa, ili chipu ipime volti bila kunyonya umeme wa saketi. Lakini kwa sababu hiyohiyo, chaji kidogo mno ikiingia kwenye waya hukosa pa kutokea, na volti hupanda. Chaji hiyo hutoka kwenye nyaya za ukutani, taa na chaja, ambazo umeme wake Tanzania na Kenya hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Mwili wa mtu nao huupokea, na ndiyo maana mkono ukisogea usomaji hubadilika. Chipu inayotumia volti 5 imehakikishiwa kusoma 0 chini ya volti 1.5, na 1 juu ya volti 3. Kati ya hapo, jibu lolote linaweza kutoka.

Kwa hiyo bahati nasibu hiyo ina mpangilio wake. Soma pini kila baada ya milisekunde 1, na mara nyingi utaona 1 kama kumi mfululizo, kisha 0 kama kumi. Soma kila baada ya milisekunde 20, nawe utalikuta wimbi karibu pale pale kila mara, hivyo tarakimu moja itajirudia kwa muda mrefu na utadhani saketi imepona. Multimita nayo hudanganya. Nyingi za kidijitali zina ukinzani wa omu milioni 10 hivi, kwa hiyo ukiishika pini na graundi kwa ncha zake, umeipa chaji njia ya kutokea. Usomaji unatulia, ukiondoa ncha vurugu inarudi.

Dawa ni kuipa chaji njia hiyo daima. Unga rezista ya omu 10,000 kutoka kwenye pini hadi graundi. Hiyo ni rezista ya kuvuta chini. Hata mkondo wote unaoweza kuvuja ukipita humo, utaleta volti 0.01 tu, na chipu itasoma 0. Kitufe kikibonyezwa, volti 5 inafika kwenye pini moja kwa moja, na rezista inapitisha nusu milisehemu ya ampea. Ukiweka waya mtupu badala ya rezista, kila ukibonyeza utaunganisha volti 5 na graundi, yaani shoti. Omu 100 nayo ni ndogo mno: ingepoteza robo wati kwa joto. Omu milioni 1 ni kubwa mno, kwani mkondo ule unaovuja ungeweza kuleta volti 1 nzima, na wimbi dogo la umeme wa chumbani lingetosha kuvuka 1.5.

Njia ninayoipendelea ni kuvuta juu, kwa kuwa chipu hii ina rezista zake za ndani za kazi hiyo, za omu 20,000 hadi 50,000. Za kuvuta chini haina. Hamisha mguu wa kitufe kutoka volti 5 uupeleke graundi, kisha andika:

```
pinMode(2, INPUT_PULLUP);
```

Sasa kitufe kilichoachiwa husomwa 1, kilichobonyezwa husomwa 0, na masharti ndani ya programu yageuzwe vilevile. Kitufe kikiwa mbali, kwenye waya wa mita kadhaa, rezista ya ndani huwa dhaifu; ongeza ya nje ya omu 4,700 kati ya pini na volti 5.

Kuna hitilafu moja ambayo rezista haiiponyi: kubonyeza mara moja kukahesabiwa mara tatu. Hiyo hutokana na vyuma vya kitufe kudundadunda kwa milisekunde chache vinapogusana, na hutibiwa kwa kuifanya programu isubiri kidogo kabla ya kusoma tena. Kuzitofautisha ni rahisi. Tarakimu zikivurugika wakati wa kubonyeza au kuachia tu, ni mdundo. Zikivurugika hata pale ambapo hakuna aliyegusa kitufe, pini bado inaelea, na pa kuanza kukagua ni kama mguu wa rezista umechomekwa kwenye mstari mmoja na pini.