Mteja wa maji analipa lini gharama yake?

Kwenye biashara ya kupeleka maji ya kunywa majumbani, mteja hujiunga, hulipia mwezi, na kijana wa bajaji ya mizigo humletea chupa kubwa ya lita 18.9 na kuondoka na tupu. Mwenye mali akiona namba za simu za wateja wapya zinaongezeka, huona mambo yananyooka. Lakini kila mteja huyo ameletwa kwa fedha, na swali ni kama atakaa muda wa kutosha kuzirudisha.

Tuchukue kampuni ya mfano jijini Dar es Salaam, yenye namba tulizoziweka wenyewe. Inauza chupa kwa shilingi 5,000, na mteja wa kawaida anachukua 6 kwa mwezi. Mwezi uliopita ilipata wateja wapya 50 baada ya kutumia shilingi 500,000 kwenye matangazo. Mwenyewe anapiga hesabu ya haraka: mteja mmoja amemgharimu 10,000, na kwa kuwa wateja 5 katika kila 100 hujitoa kila mwezi, wastani wa kukaa ni miezi 20. Miezi 20 kwa shilingi 30,000 ni 600,000. Ametoa 10,000, anavuna 600,000! Nani asingeongeza matangazo?

Kosa la kwanza ni kuhesabu mauzo badala ya kinachobaki. Maji yenyewe, kuosha chupa, mfuniko na lebo vinakula 1,800. Kusafirisha ni 1,700, makato ya simu na uchakavu wa chupa 300. Kwenye ile 5,000 inabaki 1,200, yaani 7,200 kwa mwezi. Kwa miezi 20, mteja ana thamani ya shilingi 144,000.

Kosa la pili liko upande wa gharama. Mawakala wanaopita nyumba kwa nyumba walilipwa 10,000 kwa kila mteja, msimamizi wao mshahara wa 600,000, na kila mteja alipewa chupa ya kwanza bure, ambayo kampuni iliigharimia 3,800. Jumla na matangazo ni 1,790,000, sawa na 35,800 kwa mteja. Bado kuna chupa tupu. Kila nyumba inashika mbili, kila moja imenunuliwa kwa 12,000, na kampuni haitozi amana. Wateja wanapoondoka, nusu ya chupa hazirudi. Zinageuka ndoo za kuhifadhia maji ya bomba. Hiyo ni 12,000 nyingine. Gharama halisi ya kumpata mteja ni 47,800, na thamani yake ni mara 3 ya hapo. Watu wa programu za kompyuta wanauita uwiano huo mzuri, ila wao hawana chupa za kuosha wala mafuta ya kununua.

Penye mtego mkubwa ni pale kwenye wanaojitoa. Mteja wa maji haandiki barua ya kuaga. Anaanza kununua chupa ndogo dukani, au anahama nyumba, na jina lake linabaki kwenye daftari. Ili kumjua, tazama tupu zake: aliyezoea kubadilisha chupa kila siku 5 akifikisha siku 15 bila kuagiza, mpigie, na asipotoa sababu mhesabu ameondoka. Kampuni yetu ilipohesabu hivyo, walioondoka hawakuwa 5 katika 100 bali 8. Wastani wa kukaa ukashuka hadi miezi 12 na nusu, thamani ikawa 90,000, chini ya mara 2 ya gharama. Kwenye karatasi mteja anarudisha gharama yake mwezi wa 7, lakini ukikumbuka kwamba wengine wameshaondoka kabla ya hapo, kundi zima linarudisha kwenye mwezi wa 9 au wa 10. Kampuni iliyoanza miezi 8 iliyopita isijidanganye na wastani wowote, bado haijaona.

Wastani pia unaficha barabara. Mteja wa Sinza aliye mtaa mmoja na wengine 10 anaweza kusafirishiwa kwa 700 tu, kwa hiyo anabakiza 13,200 kwa mwezi na kurudisha gharama yake ndani ya miezi 4. Aliye peke yake Goba akila 2,900 ya usafiri, hakibaki kitu hata akae miaka kumi.

Ningekuwa mwenye kampuni hii, ningesimamisha matangazo ya jiji zima, ningewalipa mawakala kamisheni nusu mteja anapojiunga na nusu akifika mwezi wa tatu, na ningetoza amana ya chupa hata kama baadhi watakataa kujiunga. Mteja wa Goba ningemwambia asubiri hadi majirani zake wajiunge.